Fundi Asiyerudishiwa Kitu

Mama Pacha hakuipeleka barua yake mkononi. Aliikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya msimamizi, akaibana kwa mkebe wa pini ili upepo wa feni usiibebe, kisha akarudi kwenye cherehani yake na kuendelea kushona kola kana kwamba hakuna lililotokea.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Karakana nzima ilimwita Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikuwahi kutoka shingoni mwake tangu siku alipoanza kazi kama mshonaji wa pindo. Sasa alikuwa na miezi minane tu kwenye cheo, na hiyo ilikuwa barua ya tatu ya kuacha kazi. Ile ya kwanza aliimeza kama bahati mbaya. Ya pili alijiambia kuwa dada aliyeiandika alikuwa mwepesi wa kukasirika. Lakini Mama Pacha alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye karakana ile. Ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika sindano ya mashine.

Alimwita kwenye stoo ya vitambaa, akafunga mlango.

"Ni Wembe wa meza ya kukatia?" aliuliza.

"Unaniuliza kama hujui?" Mama Pacha alikaa juu ya gora la kitambaa cha buluu, mikono mapajani. "Jana kaichukua kola yangu, kainyanyua juu kama mtu anayenadi kuku mnadani. 'Jamani, nani anamlea huyu bibi? Mpelekeni nyumbani akalee wajukuu.' Watu kumi na nne, Tepu. Na hao wote nimewafundisha mimi."

"Mama, nipe muda nimshughulikie."

"Nimekupa miezi minane, mwanangu."

Neno hilo lilimchoma Tepu. Kilichomchoma zaidi hakikuwa hilo. Alikumbuka siku Wembe alipompa dada wa zipu jina la Kobe, na watu wakacheka, naye akacheka pia. Kicheko kidogo tu, cha puani. Dada wa zipu alimtazama, akainamisha kichwa, na baada ya wiki tatu akaleta barua. Msimamizi akicheka, kejeli inakuwa kanuni ya kazi. Alilijua hilo siku ile ile, akajitia hamnazo kwa sababu suruali zilikuwa zinatoka.

Na kweli zilikuwa zinatoka. Wembe alikuwa fundi wa kukata, na hapakuwa na wa kumfikia. Kabla kitambaa hakijashonwa lazima kitandazwe mezani tabaka juu ya tabaka, juu yake iwekwe karatasi yenye mchoro wa vipande, wenyewe huiita ramani, kisha mashine ya kukatia ipite mara moja na kutoa vipande vya nguo nyingi kwa mpigo. Wembe alipanga ramani zake kwa namna ambayo kola ililala kwenye pengo la mguu wa suruali na mfuko ukajibana pembeni ya kwapa, hata kitambaa kilichobaki hakikutosha kufutia miwani. Na alikata upesi kuliko watu wawili. Lakini mdomo wake nao ulikata, na haukuchagua.

"Tarehe thelathini ndiyo siku yangu ya mwisho," alisema Mama Pacha akiinuka. "Sitaki kuagwa kwa keki. Nataka tu niondoke mtu akiwa bado ananiita fundi."

*

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mzee ingawa nywele zake zilikuwa nyeusi tii kwa msaada wa chupa, alimsikiliza Tepu huku akichokoa meno.

"Wembe ni mkono wangu wa kulia," alisema. "Tuna sare mia tisa za hospitali mwezi huu. Nani atakata? Wewe?"

"Sijasema tumfukuze, Mzee."

"Basi waambie hao kina mama wavumilie. Ana mdomo, ndiyo. Hata mimi ananipiga vijembe. Lakini anafanya kazi."

"Anafanya kazi, na watu wanaondoka. Dada wa zipu tulipompoteza, aliyekuja alichukua wiki tano kujifunza. Nani alihesabu hizo wiki tano?"

Mzee alikiweka chini kile kijiti cha meno.

"Unataka nini hasa?"

"Wiki moja. Nataka kuhesabu kitu ambacho hatujawahi kukihesabu."

"Hesabu hata nywele zangu ukitaka. Lakini ukimpoteza Wembe katikati ya oda, utajibu wewe."

Alichotaka kukihesabu Tepu alikijua kwa vidole vyake mwenyewe. Kila mshonaji pale alikuwa na mkasi mdogo pembeni ya mashine, na kila mshonaji alijua wa nini. Ukipewa mguu wa suruali uliozidi mwenzake, hukuurudisha meza ya kukatia. Aliyethubutu kurudisha aliulizwa mbele ya watu kama ana macho au vifungo. Kwa hiyo ulichukua mkasi, ukapunguza kimyakimya, ukashona. Mgeni alifundishwa hivyo siku ya kwanza, kama anavyofundishwa choo kilipo. Wala hapakuwa na aliyeona kuwa ni siri. Tepu mwenyewe alipunguza hivyo miaka sita.

Jumatano asubuhi alibandika karatasi kwenye kila cherehani. "Kila kipande mtakachokipunguza kabla ya kushona, pigeni mstari mmoja. Hamwandiki jina la mtu, wala hamsemi kitu. Mstari tu."

"Na Wembe akiuliza?" aliuliza mmoja.

"Mwambieni aniulize mimi."

Wembe aliuliza, bila shaka. Alikuja akiwa na chaki sikioni, mwembamba, fulana safi kuliko ya mtu yeyote mle ndani. "Naona tumefungua darasa la chekechea. Wanajifunza kuchora mistari?"

"Wanahesabu," alisema Tepu.

"Wakifika kumi uwape peremende."

Siku tano za kazi zilipopita, Tepu alikaa na karatasi kumi na nne na kikombe cha chai kilichopoa. Mistari mia nne na kumi na miwili. Kati ya kila vipande saba vilivyotoka mezani, kimoja kilipitia mkasi wa pembeni. Kama kila kimoja kilikula dakika mbili, basi saa kumi na tatu na zaidi za mikono ya watu zilikuwa zimekwenda kuficha jambo ambalo Wembe mwenyewe hakujua kama lipo.

Kesho yake aliingia mapema, akahesabu tabaka zilizokuwa zimetandazwa mezani. Themanini. Kisu cha mashine ile kilikuwa kifupi. Kwa kitambaa kizito kama kile kilimudu tabaka hamsini. Ukizidisha, kinalemea upande, na vipande vya chini vinatoka vikubwa au vidogo kuliko vya juu. Mrefu, jamaa mwenye umri wa miaka thelathini na tano ambaye kazi yake ilikuwa kumtandazia Wembe kitambaa, alisimama pembeni akimtazama.

"Ulijua?" Tepu alimuuliza.

"Nilimwambia mara moja, mwaka jana."

"Akasemaje?"

Mrefu alikuna shingo. "Akasema ngamia haulizwi habari za kuruka. Tangu hapo mimi natandaza tu, dada."

*

"Usimwite mbele za watu," mumewe alimwambia jioni ile, akimenya viazi. Yeye alikuwa mwalimu wa ufundi, na aliwahi kukutana na wanafunzi wa namna ile. "Na usimwambie ana kiburi. Ukimwambia ana kiburi mtabishana juu ya kiburi mpaka jogoo awike."

"Nimwambie nini sasa?"

"Alichofanya. Siku gani, saa ngapi, nini kikatokea. Hapo hana pa kukimbilia."

"Kwako ni rahisi kusema. Wako ukiwakemea wanaogopa wazazi wao. Wangu akikasirika ninakosa sare mia tisa."

"Viazi vyako vinaungua," alisema mumewe.

"Viko mkononi mwako, baba."

Walicheka, lakini usiku huo aliandika kila kitu kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, na penye jambo alilosimuliwa tu aliandika kuwa amesimuliwa.

Jumatatu saa nane mchana alikaa na Wembe stoo. Alianza na kazi yake, na hakutia chumvi: hakuna aliyepanga ramani kama yeye, na yeye Tepu angependa abaki. Kisha akafungua daftari. Tarehe mbili, saa nne asubuhi, kola ya Mama Pacha. Tarehe sita, Mrefu kuitwa ngamia alipouliza swali, mara ya pili baada ya lile la mwaka jana. Mwezi uliopita, kumpigia mteja simu na kumwambia kuwa ucheleweshaji ni wa "wale wa sindano", kabla msimamizi hajaambiwa.

Wembe alitabasamu tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Umemaliza? Sasa nikuambie. Ni utani. Karakana bila utani ni mochwari. Wewe mwenyewe ulicheka Kobe."

Tepu alikuwa ameingoja hiyo.

"Nilicheka. Lilikuwa kosa langu, na nimempigia simu dada yule nikamwambia hivyo. Hutanisikia nikicheka tena."

Tabasamu lilipungua kidogo.

"Angalia hizi," aliendelea Tepu, akamsogezea zile karatasi. "Mia nne na kumi na mbili."

Wembe alizipitia moja moja.

"Hakuna aliyenirudishia hata kimoja."

"Hakuna anayethubutu."

"Basi hilo kosa lao! Mimi nitajuaje? Fundi wangu mimi alikuwa ananirushia mkasi nikikosea. Mkasi wa chuma, Tepu! Nina alama hapa." Alivuta mkono wa fulana. "Nilijifunza. Hawa wakiambiwa neno moja wanaandika barua."

Tepu aliitazama ile alama. Ilikuwa ndefu, imekaa kama mshono mbaya.

"Pole kwa hilo, kwa kweli. Lakini ulijifunza kukata licha ya ule mkasi. Na hapa ukimtukana mtu, anachojifunza ni kukuficha." Akafunga daftari. "Kuanzia leo tabaka ni hamsini. Kipande kikirudi unakipokea, unakirekebisha, hakuna maneno juu ya macho wala akili ya mtu. Ukiona kosa la mtu, mwambie kosa, faraghani. Na Mrefu unamfundisha kukata, saa moja kila siku, ramani zako zikae kwenye kabati la karakana. Tutakutana mimi na wewe kila Ijumaa tuangalie inaendaje."

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwenye daftari. Ikiendelea, kikao mbele ya Mzee na barua ya onyo, na unaweza kuja na mtu wa upande wako akusikilizie. Ikiendelea tena, mlango. Sikutishi, nakuambia njia ilivyo ili usije ukasema hukuiona."

"Kuna karakana mbili zinanipigia simu."

"Najua. Wamepata bahati ya kukufahamu."

Wembe alitoka bila kufunga mlango.

*

Wiki ya kwanza Wembe alinuna kama mtu aliyekatiwa maji. Alitandaziwa hamsini, akakata, hakumtania mtu. Ijumaa Tepu alimwambia waziwazi kuwa ameona tofauti, mistari imeshuka mpaka tisini. Wembe akasema "Sawa," shingo upande. Mrefu alikuwa amekata mifuko peke yake.

Wiki ya pili ramani ziliyeyuka kabatini. Wembe alisema amezipeleka nyumbani kuzisafisha. Tepu akamwambia zirudi kesho saa mbili, akaandika. Zilirudi saa tano. Kisha ikasikika kuwa amekwenda kwa Mzee kulia kuwa anafungwa mikono, na Mzee akamwita Tepu.

"Kasi imeshuka," alisema Mzee.

"Ya mezani imeshuka. Ya mlangoni imepanda. Nenda kahesabu nguo zilizokamilika, usihesabu vipande."

Mzee alikwenda kuhesabu mwenyewe, mtu wa kutoamini. Alirudi ofisini, na hakumwita Tepu tena juu ya kasi.

Kisha alikuja mkaguzi wa hospitali, mama mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, kuangalia sampuli. Alikuwa akizungushwa kati ya meza wakati mshonaji mmoja, aliyejipiga moyo konde siku nzima, alipokuja na mguu wa suruali mkononi.

"Samahani, fundi. Huu umezidi nusu sentimita."

Wembe hakuupokea. Alimgeukia mkaguzi, akafungua mikono.

"Mama, unaona ninavyoteseka? Hapa mimi ndiye karakana. Hawa wengine ni sindano zenye miguu. Nikitoka leo, kesho mtavaa magunia."

Cherehani zote zilinyamaza. Mshonaji alibaki na mguu ule wa suruali mkononi, hajui aufanye nini. Mama Pacha alitazama juu, si kwa Wembe. Alimtazama Tepu.

Tepu alitembea mpaka mezani, akauchukua mguu ule kwa mshonaji.

"Asante kwa kuurudisha. Umefanya sawasawa." Kisha, kwa sauti ile ile, "Wembe, zima mashine. Nenda nyumbani kwa leo. Kesho saa tatu kwenye kikao, uje na mtu wako."

"Unanifukuza mbele ya mteja?"

"Sijakufukuza. Nimekwambia uzime mashine."

Aliizima. Alipita katikati ya meza polepole, akimtegea mtu acheke, na hakuna aliyecheka.

Mkaguzi alisafisha koo. "Na sare zangu?"

"Huenda zikachelewa siku moja," alisema Tepu. "Ningependa ujue leo kutoka kwangu, kuliko kuja kugundua."

Mama yule aliandika kitu kwa kalamu ya pili. "Siku moja naibeba. Mbili hapana."

*

Asubuhi Wembe hakuja kwenye kikao. Hakuleta mtu, hakupiga simu. Mzee alikaa na barua ya onyo mbele yake, kalamu hewani.

"Nikitia saini hii hatarudi."

"Huenda."

"Na wewe unalala usingizi?"

"Jana sikulala. Lakini usipotia saini, Mzee, watu kumi na nne kule ndani watajua bei yao. Na mimi pia nitaijua yangu."

Mzee alitia saini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Siku tatu walikata bila Wembe. Mrefu alishika mashine, jasho linamtoka kama yuko kwenye tanuri, na Tepu alibana tabaka kwa mikono yake. Ramani ilikuwa ile ile, lakini mkono haukuwa ule, na kitambaa kilichopotea kilijaza magunia mawili. Tabaka tano za chini zilipoharibika mguu mzima, Mrefu alikaa chini sakafuni.

"Nimeua, dada."

"Umeua suruali tano. Inuka, tuna mia na themanini zilizo hai."

Mama Pacha aliacha kola zake akaja kushika upande wa pili wa kitambaa. Hakusema sababu.

Siku ya nne Wembe alikuwa amesimama mlangoni kabla ya saa mbili, bila chaki sikioni. Tepu alimpeleka stoo. Barua ilikuwa mezani, naye akaisoma yote, hata tarehe.

"Wale wa karakana nyingine," alisema hatimaye, "walitaka kujua kwa nini naondoka. Nikaanza kuwaeleza. Nilivyokuwa naeleza nikayasikia maneno yangu mwenyewe."

"Unaweza kuandika maelezo yako hapo chini kama kuna usichokubali."

Alishika kalamu, akafikiri, akatia saini tu.

"Unataka nikamwombe radhi bibi?"

"Radhi ya kuamrishwa haina uzito. Hiyo ni yako na moyo wako. Ninachodai mimi ni kazi: kipande kikirudi, kipokee. Na Mrefu anaendelea na mashine asubuhi, wewe mchana. Ukirudia ya juzi, sitakuwa na kikao kingine cha kukupa."

"Ngamia anakata asubuhi?"

Tepu alimtazama tu.

"Mrefu," alisema Wembe. "Mrefu anakata asubuhi."

Mchana ule, cherehani zikiwa zinanguruma, Mama Pacha aliinuka. Alikuwa na vipande viwili mkononi. Alitembea mpaka meza ya kukatia kwa mwendo wake wa mtu mwenye magoti mabaya, na mngurumo ukapungua mashine moja baada ya nyingine. Alivilaza vipande mbele ya Wembe, kimoja juu ya kingine.

"Havilingani," alisema.

Wembe alifungua mdomo. Kila mtu aliliona neno likifika kwenye meno yake, na shingo yake ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akafunga mdomo. Akainama, akapitisha kidole ukingoni.

"Kilichozidi ni kipi, cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto. Milimita nne."

"Nipe dakika mbili."

Alivikata, akavirudisha. Mama Pacha aliviinua kwenye mwanga, akavikagua bila haraka hata kidogo, akitumia zaidi ya zile dakika mbili. Akaondoka navyo bila kusema asante, na Wembe hakuidai.

Njiani alisimama kwenye meza ya msimamizi.

"Ile ratiba ya mwezi ujao umeshaiandika?"

"Bado, mama."

"Niweke asubuhi. Pacha wangu wana mitihani, nataka niwe nyumbani jioni." Alisogea, kisha akageuka. "Na usinitazame hivyo. Sijasema nimemsamehe. Nimesema asubuhi."

"Asubuhi," alisema Tepu, akaandika. Chini yake aliandika Ijumaa, saa nane, Wembe, stoo, akapiga mstari, na kuinuka kwenda kuhesabu tabaka.